Renda ya darasa kabla ya kujenga: Blender, Twinmotion au kolaji ya mkono?

Mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi hapa Moshi aliishika picha yangu kwa mikono miwili, akaisogeza kwenye mwanga, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hawa ni wa darasa la ngapi?"

"La tatu, Mwalimu."

Akaweka kidole juu ya mtoto aliyesimama karibu na ubao. "Huyu ni mtu mzima amevaa kaptula."

Alikuwa sahihi. Nilikuwa nimemchukua mtu wa mita 1.70 kwenye maktaba ya programu nikampunguza mpaka mita 1.20. Kichwa nacho kilipungua pamoja na mwili, kikawa na urefu wa sentimita 16 hivi, wakati mtoto halisi wa umri ule ana kichwa cha karibu sentimita 20. Mtu mzima ana urefu wa vichwa vyake saba na nusu, mtoto wa miaka saba ana kama sita. Jicho la mwalimu anayekaa na watoto kila siku halihitaji hesabu hiyo, linaona tu kwamba kuna kitu hakiko sawa, na tangu hapo haliamini picha yote, pamoja na madirisha na sakafu.

Tangu siku ile nimechora renda za madarasa, yaani picha za darasa kabla halijajengwa, kwa njia tatu, na hizo tatu ndizo vijana wanaoanza kazi hii wananiuliza wachague ipi: programu ya Blender kwa injini yake ya mwanga iitwayo Cycles, programu ya Twinmotion, au kolaji, yaani mistari ya jengo unayoibandikia watoto na rangi kwa mkono. Nitazipima zote kwa darasa moja ili tusilinganishe embe na parachichi.

Darasa lenyewe

Ni chumba cha mita 9 kwa 7, madawati 15 ya watoto watatu watatu, wanafunzi 45, ambao ndio uwiano wa sera yetu kwa shule ya msingi. Kuta ndefu zinatazama kaskazini na kusini. Kila ukuta mrefu una madirisha ya kawaida kuanzia mita 0.9 mpaka 2.1. Juu ya lenta kuna mstari wa madirisha ya juu kuanzia mita 2.4 mpaka 3.0, hayana vioo, yana luva za saruji na wavu wa mbu. Paa la bati linatokeza sentimita 60 nje ya ukuta, na ukingo wake uko mita 3.1 kutoka sakafuni. Sakafu ni ya niru, kuta zimepakwa rangi ya mafuta mpaka mita 1.2 na chokaa nyeupe juu yake.

Tunapima nini

La kwanza ni mwanga na hewa: je, picha inasema kweli kuhusu madirisha ya juu? La pili ni watoto: je, kimo chao kinaaminika mahali popote walipokaa? La tatu ni sakafu na kuta: je, vinaonekana kama vitu vitakavyokanyagwa na kuparuzwa miaka 20? La nne ni muda na mashine.

La kwanza linahitaji maelezo kidogo, kwa kuwa ndilo linalodanganya watu wengi. Moshi na Arusha ziko nyuzi 3 na kidogo kusini mwa ikweta. Mwezi Juni, jua linapofika kileleni yapata saa sita na nusu mchana, liko upande wa kaskazini kwa nyuzi 63 kutoka kwenye upeo. Desemba liko kusini, nyuzi 70. Kwa jua la juu hivyo, paa linalotokeza sentimita 60 linatia kivuli ukutani kushuka zaidi ya mita moja, kwa hiyo dirisha la juu lote limo kivulini. Jua linaloingia kwa dirisha la chini linaishia kama mita moja tu kutoka ukutani. Ukiona renda ya darasa la namna hii yenye miali mirefu ya dhahabu inayofika katikati ya chumba saa sita mchana, ujue aliyeichora ameligeuza jua apate picha nzuri. Asubuhi saa mbili ya Juni utepe mwembamba wa jua unaweza kuingia juu, lakini Juni na Julai huku kwetu asubuhi nyingi ni za mawingu. Mwanga halisi wa madirisha ya juu ni ule mpole wa anga, unaoonekana kwenye dari na kwenye sehemu ya juu ya ukuta wa pili.

Hewa haionekani kwenye picha yoyote. Kinachoonekana ni njia yake: matundu pande zote mbili, luva zilizo wazi, na nafasi ya hewa ya moto kupanda na kutokea juu huku ya baridi ikiingia chini. Kosa ninalolikuta mara kwa mara ni dari iliyochorwa kwenye mita 2.7, inayopita katikati ya dirisha la juu. Nje dirisha linaonekana zima, ndani nusu yake imezibwa. Kwa Moshi, ambako joto la Januari na Februari linachosha watoto, dirisha la juu ni la kutoa joto. Kwa Arusha kazi yake kubwa iko Julai: ya chini yanafungwa kwa baridi, ya juu yanabaki wazi, na hewa inabadilika juu ya vichwa vya watoto bila upepo kuwapiga mgongoni.

Blender na Cycles

*Mwanga na hewa.* Hii ndiyo inayofuata mwanga kwa uaminifu zaidi kati ya tatu, kwa sababu Cycles inafuatilia miale inavyogonga ukuta, ikarudi sakafuni, ikapanda darini. Tumia Sky Texture kwa anga, na nyongeza ya Sun Position kwa jua: latitudo -3.35, longitudo 37.34 kwa Moshi, saa za UTC+3. Ukisahau alama ya kutoa kwenye latitudo, kosa ni dogo huku kwetu. Ukikosea ukanda wa saa, au ukiacha kaskazini ya jengo ilivyokuja na faili, jua litaingia upande ambao halipo kabisa. Kipimo changu ni rahisi: naweka Juni 21, saa 6:30 mchana, yaani 12:30 kwenye programu, kisha natazama kivuli cha paa kwenye ukuta wa kaskazini. Kikishuka mita 1.2 hivi chini ya ukingo, mpangilio ni sawa.

Shida ya Cycles ni chembechembe. Chumba kinachopata mwanga kwa matundu madogo ya juu kinaijaza picha nukta, maana miale michache tu ndiyo inayolipata tundu. Dawa yake ni kuweka taa ya aina ya Area kwenye kila tundu na kuwasha Portal, ili programu ijue mwanga unatokea wapi. Pia usiweke kioo cha Glass BSDF kwenye madirisha bila kuruhusu mwanga upite, kwani chumba kitakuwa giza na utadhani dirisha halitoshi. Darasa letu halina vioo juu, hivyo tumepona hapo.

*Watoto.* Nyongeza ya bure ya MPFB inatengeneza mtu kwa umri, si kwa ukubwa tu. Ukiivuta chini mpaka utotoni, kichwa kinabaki kikubwa, mikono inakuwa mifupi, mabega yanakuwa membamba. Ukileta mtu kutoka MakeHuman yenyewe, programu mama ya MPFB, angalia vipimo vyake: inatumia desimita, na faili iliyoletwa bila kurekebishwa inakupa mtoto wa mita 12. Kwa darasa la tatu nalenga kimo cha kati cha miaka minane kwenye jedwali la WHO, sentimita 127 kwa wavulana na karibu hivyo hivyo kwa wasichana, kisha nawatawanya kati ya 120 na 135. Watoto 45 wenye kimo kimoja wanaonekana kama chupa za soda kwenye kreti. Sare ni kazi yako mwenyewe: shati jeupe, kaptula au sketi ya bluu, na kwa Julai sweta.

*Sakafu na kuta.* Hapa Blender ina nguvu, ila inaadhibu uzembe. Ukuta mweupe usipewe weupe wa 1.0, maana hakuna chokaa inayorudisha mwanga wote. Weka karibu 0.8, na sakafu ya niru iwe kati ya 0.2 na 0.35. Ukiiweka sakafu nyeupe, chumba kizima kinang'aa kwa mwanga ambao fundi hataupata. Mkandarasi akitaka kuta za tofali zisizopigwa plasta, hesabu kozi: tofali la saruji lenye kimo cha sentimita 23 pamoja na mota yake linakula karibu sentimita 24, kwa hiyo ukuta wa mita 3 una kozi 12 na nusu. Ukihesabu kozi 20 kwenye picha, tofali zimepunguzwa na watoto wako wataonekana majitu hata kama vimo vyao ni sahihi.

*Muda na mashine.* Programu ni bure, lakini umeme na subira si bure. Kwenye laptopu yangu isiyo na kadi ya picha, darasa moja liliniramba usiku mzima, na saa kumi alfajiri umeme ukakatika. Kuwasha Denoise, inayofuta chembechembe, kunapunguza muda sana. Kukiwa kumezidi, niru inakuwa kama plastiki na nyuso za watoto zinakuwa kama nta. Inawafaa waliokwisha kumaliza maamuzi ya ramani na wanataka picha mbili tatu za kuaminika.

Twinmotion

*Mwanga na hewa.* Unaweka mahali, tarehe na saa, na chumba kinajibu hapo hapo. Ukisogeza saa, kivuli kinatembea mbele ya mteja. Hilo Blender haikupi kwa wepesi huo. Hatari yake ni mbili. Ya kwanza ni kuta nyembamba. Ukileta ukuta wa uso mmoja kutoka programu ya kuchorea ya SketchUp, mwanga unavuja kwenye kona na chini ya paa. Kuta ziwe na unene wake halisi, na hata bati ulipe kitu cha sentimita 10 kwa muda. Alama ya mvujo ni mstari mweupe unaong'aa pale dari inapokutana na ukuta, mahali pasipo na tundu.

Ya pili ni mwangaza unaojirekebisha wenyewe. Kamera ikiingia ndani, programu inainua mwangaza kama jicho linavyozoea giza. Niliwahi kuichorea shule moja darasa lililoonekana jeupe mpaka kwenye kona ya ubao. Lilipojengwa, safu ya mbele upande wa ubao ilikuwa na kiza saa tatu asubuhi ya mawingu, na walimu waliniuliza kwa haki kabisa mwanga ule umekwenda wapi. Madirisha yalikuwa machache tangu mwanzo, lakini picha yangu ilinificha jambo hilo. Siku hizi nafunga mwangaza: naupanga nikiwa nje, uwanja wa shule ukionekana wa kawaida, kisha naingia ndani bila kuugusa. Ndani kutakuwa na giza kuliko nilivyotamani, na hiyo ndiyo taarifa ninayoitafuta. Naongeza kidogo kwa picha ya mwisho, lakini picha zote za ulinganisho nazipa kiasi kile kile.

*Watoto.* Kuwaweka ni kubofya tu, na wengine wanatembea. Ila usitegemee kupata watoto 45 wa kwetu waliokaa kwenye dawati la watatu na sare ya shule ya msingi. Unaishia kuweka wanaosimama na kuacha madawati matupu, au kuwaketisha hewani sentimita tano juu ya kiti. Kabla ya kuweka mtu yeyote, simamisha boksi la mita 1.25 karibu na mlango wa mita 2.1. Boksi linafika asilimia 60 ya mlango. Mtoto wa maktaba anayelizidi sana ni wa sekondari.

*Sakafu na kuta.* Vitu vya maktaba ni vizuri na vya haraka, lakini ni visafi mno, na sakafu zake nyingi zinang'aa kama za hoteli. Punguza mng'ao wa niru, na chora mwenyewe mpaka wa rangi ya mafuta kwenye mita 1.2. Mpaka huo ni kipimo kizuri cha kimo pia: mtoto wa darasa la tatu akisimama ukutani, mstari unamfika karibu na utosi.

*Muda na mashine.* Ni bure kwa anayeingiza chini ya dola milioni moja kwa mwaka, na wengi wetu tumo humo. Kinachogharimu ni kompyuta yenye kadi ya picha ya kutosha. Ukiwa nayo, picha inatoka kwa dakika. Usipokuwa nayo, programu inakwama na hakuna ujanja. Inamfaa anayekaa na mteja akibadilisha vitu papo hapo.

Kolaji ya mkono

*Mwanga na hewa.* Hapa hakuna hesabu ya mwanga hata chembe. Kivuli unakiweka wewe, na usipojua jua liko wapi utakosea. Lakini kwa hewa ndiyo njia inayosema zaidi, kwa sababu unaweza kuchora mkato wa jengo na mishale: bluu inaingia mita 0.9, nyekundu inatoka mita 2.7. Mjumbe wa kamati ambaye hajawahi kusoma ramani anaielewa mara moja, na mishale haijifanyi kuwa ushahidi kama inavyojifanya picha inayong'aa.

*Watoto.* Hili ndilo lililonishangaza: kolaji ikifanywa kwa kanuni moja, vimo vinakuwa sahihi kuliko kwenye kompyuta. Toa mistari ya jengo kutoka SketchUp ukiwa umechagua Two-Point Perspective, kamera ikiwa mita 1.5 kutoka sakafuni. Mstari wa upeo wa macho utapita kila mahali kwenye picha kwa mita hiyo 1.5. Mtoto wa mita 1.25 ana tano ya sita ya kimo hicho. Kwa hiyo popote utakapoweka nyayo zake, pima kutoka nyayo mpaka mstari wa upeo, kisha utosi wake uuweke kwenye tano ya sita ya njia. Akiwa nyuma ya darasa, nyayo zikiwa sentimita 6 chini ya mstari, mtoto atakuwa sentimita 5. Akiwa mbele, nyayo sentimita 12 chini, atakuwa sentimita 10. Aliyeketi kwenye kiti cha sentimita 35 ana utosi karibu mita 1.0 kutoka sakafuni, yaani theluthi mbili: kwa sentimita 6, atakuwa sentimita 4. Mwalimu wa mita 1.65 anauvuka mstari kwa sehemu moja ya kumi. Hesabu hii haijali mtoto yuko mbali kiasi gani, na unaweza kuitumia kukagua renda ya Blender au Twinmotion kwa rula juu ya karatasi, mradi kamera ilikuwa imesimama wima bila kuinama.

Tahadhari moja ya lenzi, na ni kwa njia zote tatu: ukipanua sana ili chumba chote kiingie, mtoto aliye pembeni mwa picha anavutika kwa upana. Waweke watoto katikati, pembeni weka mlango na kabati. Na ukikata watoto kwenye picha ulizopiga shuleni, omba ruhusa ya shule na wazazi, au wachore kwa mgongo na kivuli tu. Mtoto wa mtu asijikute kwenye bango la mradi.

*Sakafu na kuta.* Rangi chache za maji au penseli zinatosha. Huwezi kuonyesha tofauti ya niru na terazo kwa uhakika, kwa hiyo bandika pembeni kipande cha rangi halisi kutoka duka la vifaa. Nimeona kamati ikishika kipande hicho kwa muda mrefu kuliko picha yenyewe.

*Muda na mashine.* Siku moja, karatasi ya A3, rula na mkasi. Umeme ukikatika unahamia barazani.

Kwa hali yako

Ukiwa na kikao cha wazazi Jumamosi na bado haijaamuliwa kama madirisha ya juu yawepo au yasiwepo, kolaji ya mkato wenye mishale itawafikisha kwenye uamuzi, na hakuna atakayedhani kila kitu kimekwisha pangwa.

Ukiwa unabishana kuhusu mwanga, kwa mfano mkandarasi anataka kupunguza dirisha la juu kutoka sentimita 60 mpaka 30 ili aokoe kozi, tumia Blender. Renda zote mbili kwa anga ile ile na Exposure ile ile, siku ya mawingu, ukitazama ukuta wa ubao na dawati la mwisho.

Ukiwa na mteja anayebadilisha mawazo akiwa amekaa pembeni yako, na kompyuta inaruhusu, Twinmotion itakuokolea safari nyingi za kwenda na kurudi. Funga mwangaza kabla hajafika.

Ukiwa na laptopu ndogo lakini mfadhili anataka picha inayofanana na halisi, changanya: tengeneza chumba kitupu kwenye Blender kwa usiku mmoja, kisha ubandike watoto kwa kanuni ya mstari wa upeo. Kazi yangu ya mwisho niliifanya hivyo, na Mwalimu mkuu yule yule alihesabu madawati badala ya kuuliza umri wa watoto.

Na ukiwa unachora darasa la awali, usitumie vipimo hivi vyangu vya darasa la tatu. Mtoto wa miaka mitano ana kama sentimita 110. Shusha kamera mpaka mita 1.2, na utosi wake uuweke kwenye sehemu 11 kati ya 12. Shusha na mpaka wa rangi ya mafuta kama shule itakubali, na ukingo wa chini wa dirisha la kawaida uulize upya, maana kwenye mita 0.9 mtoto huyo akiketi haoni nje.